Wanapatia mara nane kati ya kumi, mbona pesa inapungua?

Barazani kwetu Ngamiani, mjini Tanga, wiki hiyo yote, mjadala ulikuwa mmoja tu: haya makundi ya Telegramu yanayouza signali za hisa ni ya kweli au ni wizi? Mmoja anashikilia kwamba ni ule upatu wa DECI wa mwaka 2009 umerudi na nguo mpya. Mwingine anaapa kwamba mpwa wake Dar es Salaam analipa kodi ya nyumba kwa signali. Kahawa inapoa, kashata zinakwisha, na hakuna aliyeshinda.

Jirani yangu, mama anayeuza samaki pale Deep Sea, alikuwa mlangoni kwake akikosha ndoo. Alisikiliza weee, mwisho akasema: "Mie nimo humo mwezi wa pili. Nimeandika kila kitu. Signali arobaini, wamepatia thelathini na mbili. Hawajanidanganya. Lakini pesa yangu imepungua."

Barazani wote wakacheka, wakadhani amekosea hesabu. Nikamwomba daftari. Lilikuwa kaunta buku lile lile analoandikia wadeni wa samaki, kurasa za nyuma. Hakukosea. Thelathini na mbili kati ya arobaini ni asilimia 80 kamili, kama tangazo la kundi linavyosema. Na pesa kweli imepungua. Ukielewa vipi mambo hayo mawili yanakaa pamoja, umeelewa sehemu kubwa ya biashara hii, kwa hiyo niende polepole.

Kwanza maneno. Signali ni ujumbe mfupi unaokwambia ununue au uuze hisa fulani, kwa bei gani, na utoke wapi. Kundi la bure hukupa moja moja za kuonjesha. Kundi la VIP hukupa zote, kwa ada. Hili la jirani yangu ni shilingi 30,000 kwa mwezi. Hisa zenyewe ni za kampuni za Marekani, zile ambazo kila mtu amezisikia, na zinachezwa kwa app ya simu.

Nimesema zinachezwa kwa makusudi. App nyingi za aina hii hazikupi hisa. Huwi na sehemu ya kampuni, huna gawio kama mwanahisa, jina lako haliandikwi kwenye daftari lolote la wanahisa. Unachofanya ni mapatano na mwenye app: bei ikipanda anakulipa tofauti, ikishuka unamlipa wewe; ukianza kwa kuuza, ni kinyume chake. Mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya ilipochunguza mikataba ya namna hii, mwaka 2018 ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida hupoteza pesa. Hao ni wateja wa kampuni zenye leseni huko Ulaya, na huenda wengi wao walikuwa na kundi lao pia.

Sasa tuione signali. Nimezibadilisha bei ziwe rahisi, lakini umbo ndilo hilo:

```
BUY @ 100.00
TP 101.00
SL 95.50
```

Maana yake: nunua ikiwa 100. Ikifika 101, funga, chukua faida; hiyo ndiyo TP. Ikianguka mpaka 95.50, funga, kubali hasara. Hiyo ndiyo SL. Jirani yangu aliweka shilingi 400,000 kwenye kila signali. Kwa hiyo ikipatia, anapata asilimia moja ya 400,000, yaani shilingi 4,000. Ikikosea, anapoteza asilimia nne na nusu, yaani shilingi 18,000.

Umeshaiona? Turudi kwenye daftari. Mara 32 alizopatia zimemletea 128,000. Mara 8 alizokosa zimemtoa 144,000. Kapungukiwa 16,000, na mwenye kundi hajasema uongo hata neno moja. App nayo haikai bure: bei ya kununulia na bei ya kuuzia hazilingani, na lile pengo ni lao. Kwake lilikuwa kama shilingi 400 kila signali, kwa signali 40 ni 16,000 nyingine. Ongeza ada ya miezi miwili, 60,000. Jumla imeondoka shilingi 92,000. Ni samaki wengi hao.

Watu wengi wakifika hapa husema: basi, ashauriwe aweke faida kubwa kuliko hasara, atakuwa sawa. Hapana, kuna kitu chini yake, na hicho ndicho kilichonifanya niandike.

Mfikirie mtu aliyefungwa kitambaa usoni, amesimama katikati ya barabara ndefu. Upande mmoja, hatua moja tu, pana kibanda cha chai. Upande wa pili, hatua nne na nusu, pana mtaro. Haoni, hajui anakokwenda, anayumba mbele na nyuma kwa hatua ndogo ndogo. Atafika wapi kwanza? Mara nyingi kibandani, kwa sababu tu kibanda kiko karibu. Hana ujuzi wowote wa kutafuta chai. Na mara chache asipofika kibandani, anaingia mtaroni.

Bei ya hisa kwa muda mfupi huyumba karibu hivyo. Kwa hiyo mtu anayebahatisha tu, asiyejua lolote, ana asilimia yake ya kupatia inayotokana na mahali alipoweka TP na SL, kama vijiti viwili vilivyopandwa barabarani. Unaipata hivi:

```
asilimia ya kipofu = umbali wa SL ÷ (umbali wa SL + umbali wa TP)
```

Kwa signali yetu: 4.5 ÷ (4.5 + 1), ambayo ni 0.82. Asilimia 82. Katika signali 40, kipofu anatarajiwa kupatia 32 au 33. Kundi limepatia 32.

Basi ile asilimia 80 ya tangazo haikuwa uongo, wala haikuwa ustadi. Ilikuwa umbali wa vijiti. Nikitaka kesho nifungue kundi la kupatia asilimia 95, naweka TP nusu asilimia na SL asilimia tisa na nusu, nalala. Siku SL moja itakapoguswa, itameza faida za signali 19, lakini mpaka siku hiyo nitakuwa nimebandika picha 19 za kijani, rangi ya faida. Ndiyo maana swali la "wanapatia asilimia ngapi?" halina maana likiulizwa peke yake. Uliza TP iko wapi na SL iko wapi, piga ile hesabu ndogo, kisha ulinganishe na kipofu. Kundi lisilotoa SL kabisa, lile la "tulieni, shikilieni, itarudi", limeuhamisha mtaro mbali usikouona, na hasara zake haziandikwi kwa kuwa hazijafungwa. Kwa kundi kama hilo jiwekee mwenyewe mwisho, mathalani siku kumi tangu signali itoke, na uandike bei ya siku hiyo iwe nzuri au mbaya.

Jirani yangu alikuwa na mambo mawili yaliyomsaidia. La kwanza, ni mfanyabiashara, anaandika. La pili, kundi lake halikuwa likifuta. Mengine hufuta, na hapo daftari lako ndilo ushahidi pekee.

Tulikuwa na ile hadithi ya mganga anayemtabiria mjamzito mtoto wa kiume kwa mdomo, huku kwenye kitabu chake anaandika wa kike. Akizaliwa mvulana, sifa. Akizaliwa msichana, anafungua kitabu: "Mlinisikia vibaya, tazameni." Mwenye chaneli ya Telegramu ana kitabu cha namna hiyo. Anaweza kufuta ujumbe na usibaki hata kivuli. Lakini kuna alama anayoiacha bila kujua. Chaneli ikiwa ya wazi, kila ujumbe una kiungo chenye namba mwishoni, mfano `https://t.me/jinalachaneli/1542`, na namba hizo hufuatana. Nakili kiungo cha ujumbe mmoja, kisha cha unaofuata. Ukitoka 1542 ukatua 1549, kuna kitu kilikuwa hapo katikati. Usikimbilie kulaumu, maana picha kadhaa zikitumwa pamoja kila moja hula namba yake. Lakini chaneli ya maandishi matupu yenye mapengo kila wiki, na mapengo yanaangukia siku ambazo soko lilishuka, unajua unachokiona.

Kwa zile utakazozipokea mwenyewe, andika papo hapo: tarehe, saa, hisa, TP, SL, na bei uliyoikuta wewe ulipofungua simu. Hiyo ya mwisho wengi huiruka, nayo ni muhimu. Admini anaandika 100; wewe ulikuwa unampimia mteja changu, unashika simu baada ya robo saa, bei ni 100.60. TP bado ni 101. Faida yako imebaki kama shilingi 1,600 badala ya 4,000, wakati mtaro umezidi kuwa mbali. Andika bei yako, siyo yake. Kisha sambaza ujumbe ule kwa ndugu yako au kwenye sehemu yako ya kuhifadhi, maana nakala iliyosambazwa hubaki hata wa kwanza ukifutwa. Kuna chaneli zimezuia kusambaza na kupiga picha ya kioo. Watakwambia ni kulinda signali zisiibwe, na inawezekana ni kweli, ila zuio hilo hilo linawakinga wao dhidi ya daftari lako. Andika kwa mkono.

Yote haya hayahitaji kuweka senti. Ni kuandika tu, kana kwamba umeweka. Na zisipungue signali 30 au 40, kwa sababu kumi hazisemi kitu. Rusha sarafu mara kumi, uwezekano wa kupata saba au zaidi za upande unaoutaka ni kama asilimia 17. Makundi mia ya wabahatishaji yakitoa signali kumi kumi zenye TP na SL za umbali sawa, kama 17 kati yake yatakuwa na "saba kati ya kumi" ya kutangaza. Hayo 17 ndiyo utakayoyaona matangazo yake. Yale 83 yamebadilisha jina.

Hapo kuna mchezo mwingine wa kale unaowanasa hata watu makini, kwa sababu unauona kwa macho yako. Mtu ana namba za simu 6,400. Nusu anawaambia hisa fulani itapanda kesho, nusu anawaambia itashuka. Waliopewa jibu baya anawaacha. Wanabaki 3,200, anawagawa tena. Kisha 1,600, 800, 400, 200, na baada ya mara sita wamebaki watu 100 walioona akipatia mara sita mfululizo bila kukosa hata moja. Ukiwa miongoni mwa hao mia, utaniambia mimi nina wivu. Dawa yake ni nyepesi: mwambie mtu wa nyumba nyingine ajiunge kwa namba yake, bila kusema mnajuana, halafu mlinganishe ujumbe mlioupata siku moja. Zikipishana, mmemaliza utafiti.

Na hisa za hapa kwetu? Yapo makundi yanayodokeza hisa za Soko la Hisa la Dar es Salaam pia, na mtu wa Tanga huona angalau hizi anazifahamu, maana kiwanda cha saruji kiko pale Pongwe na kampuni yake iliorodheshwa sokoni tangu 2002. Ni kweli hapa unanunua hisa halisi. Lakini hatari inageuka sura. Soko letu lina kampuni zisizofika 30, na baadhi ya hisa hupitisha siku bila kuuzwa hata moja. Kwa hisa ya namna hiyo, watu mia wakiambiwa "nunua leo" wanaipandisha bei wao wenyewe. Swali ni nani alikuwa ameshanunua kabla yao.

Nenda mnadani Deep Sea alfajiri. Yule anayepiga kelele kwamba leo vibua vitaadimika, mtazame miguuni: mara nyingi ndoo zake zimejaa vibua. Huko Marekani kijana wa miaka 15, wa New Jersey, alifanya hivyo kwa kompyuta ya chumbani kwake: ananunua hisa za kampuni ndogo, anaandika jumbe mamia mtandaoni kuzisifia, zikipanda anauza. Mwaka 2000 tume ya masoko ya huko ilimbana akakubali kurudisha dola 285,000, bila kukiri wala kukana kosa. Kupima kwa hapa kwetu, tumia taarifa ya soko ya kila siku inayoonyesha bei na idadi ya hisa zilizouzwa. Angalia siku kadhaa kabla ya dokezo. Hisa iliyokuwa imelala, ikaanza kununuliwa kwa wingi siku mbili tatu kabla ya ujumbe kukufikia, ina watu waliotangulia, na wewe ndiye mnunuzi waliyekuwa wakimsubiri.

Kushauri watu kwa malipo kuhusu hisa hapa nchini kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA, na orodha ya wenye leseni iko wazi. Muulize admini namba ya leseni. Leseni haithibitishi kwamba mtu anajua bei ya kesho, hakuna anayeijua. Inakupa tu mlango wa kugonga ukidhulumiwa.

Barazani kuna hoja mbili ambazo hurudi kila mara. Moja: "Kama anajua, kwa nini auze badala ya kutajirika mwenyewe?" Inachekesha, lakini si ushahidi; hata mwalimu wa udereva anauza anachokijua. Hesabu nzuri zaidi ni ya kipato chake. Wanachama 300 kwa shilingi 30,000 ni milioni tisa kwa mwezi, soko lipande au lishuke. Na akikulazimisha ufungue akaunti kwa kiungo chake tu, uliza kama mwenye app anamlipa kwa kila mteja au kwa kila unapocheza. Akilipwa kwa kucheza kwako, signali nyingi ni chakula chake, hata zikikosea.

Nyingine ni picha za akaunti zenye mamilioni ya kijani. App hizi huwa na akaunti ya mazoezi, yenye pesa za kuigiza, na kioo chake hufanana sana na cha akaunti halisi. Picha haipimi kitu. Sisemi ni ya uongo, nasema haikupi TP, SL, wala zile zilizokosa.

Tulipomaliza hesabu, jirani yangu bado hakuridhika na ile habari ya kipofu. "Hiyo ni fomula yako," akasema. "Mie nataka kuona." Haki yake. Tukamwita mwanawe wa darasa la sita, tukampa sarafu ya mia tano. Kwa kila signali katika zile 40, hisa ile ile, siku na saa ile ile, mtoto anarusha. Upande wa nyati ni kununua, upande wa picha ya Mzee Karume ni kuuza. TP asilimia moja, SL asilimia nne na nusu, kama za admini. Grafu za zamani zipo kwenye simu, kwa hiyo tulikuwa tunatazama tu bei ilifika wapi kwanza. Ilituchukua jioni mbili, na bando moja.

Mtoto alipatia 33. Faida 132,000, hasara 126,000, kamshinda admini kwa shilingi 22,000. Nikamweleza mama kwamba tofauti ya signali moja ni bahati tupu, tungerusha tena huenda angepatia 31. Mama akafunga daftari, akajitoa kwenye kundi, akarudi kwenye ndoo zake.

Kijana yeye alibaki na ile sarafu mkononi. Akaniuliza, kwa heshima zote, "Mjomba, na mimi kwa mwezi nitawatoza shilingi ngapi?"